Mafuta ya nazi yamechakachuliwa? Iulize namba ya sabuni

Kikundi cha vijana wa Pangani walinipigia simu: "Bwana shamba, sabuni inachoma mikono, na kostiki tumepima vilevile kama siku zote." Mafuta walinunua kwa mchuuzi, hawakukamua mbata wao wenyewe. Nikashuku mafuta, siyo mizani.

Namba ya sabuni ni miligramu za KOH zinazohitajika kugeuza gramu 1 ya mafuta kuwa sabuni. Kila molekuli ya mafuta (trigliseridi) ina mikono mitatu ya asidi, kwa hiyo inakula KOH tatu. Mafuta ya nazi yana molekuli fupi, nyepesi, kwa hiyo gramu moja ina molekuli nyingi na namba inakuwa kubwa, takriban 248 hadi 265. Alizeti ina molekuli ndefu, namba yake ni kama 190.

Mwalimu mmoja wa kemia akatusaidia. Tulipima gramu 2 za mafuta, tukaweka mililita 25 za KOH ya 0.5 M iliyoyeyushwa kwenye spiriti, tukachemsha saa nzima mvuke ukipozwa na kurudi chupani. Kisha matone ya fenolftalini, na asidi ya HCl ya 0.5 M kwenye bureti mpaka rangi ya waridi ipotee. Chupa nyingine tulifanya hivyohivyo bila mafuta. Hii usiiruke hata siku moja, maana KOH inavuta hewa ya ukaa na nguvu yake inabadilika.

Chupa tupu ilikula asidi mililita 24.8, yenye mafuta 8.9. Tofauti ni 15.9:

```
15.9 × 0.5 × 56.1 ÷ 2 = 223
168,300 ÷ 223 = 755 g/mol
```

Hiyo 168,300 ni 3 × 56.1 × 1,000. Mafuta halisi ya nazi yenye namba 257 yangetoa 655. Molekuli zetu zilikuwa nzito mno! Kama kilichochanganywa ni alizeti, basi nazi ilikuwa karibu nusu tu: (223 − 190) ÷ (257 − 190) = 0.49. Hesabu ya mchanganyiko fanya kwa namba ya sabuni, siyo kwa uzito wa moli, maana huo hauendi sambamba na kilo.

Na kuchoma? Zidisha namba kwa 0.713 upate gramu za kostiki kwa kilo ya mafuta. Wao walitumia 174, yaani 183 ya nazi wakipunguza asilimia 5. Mafuta yale yalihitaji 159 tu. Gramu 15 zikabaki huru kwenye kila kilo.

Kipimo hiki kina mipaka. Mafuta ya kokwa za mawese yana namba inayokaribia ya nazi, hayo hutayakamata hivi. Na mafuta yaliyochacha yana asidi huru, nayo inakula KOH pia, kwa hiyo ule uzito wa moli utakudanganya mpaka upime asidi hiyo peke yake na kuitoa kwanza.

Wale vijana sabuni yao waliikwangua, wakaiyeyusha upya na kuongeza mafuta. Safari hii mbata walinunua Muheza, wakakamua wenyewe.