Maneno ya Kiingereza kwenye dirisha la printa

Amri ya kuchapa inapotolewa, kompyuta nyingi hufungua dirisha lililojaa maneno ya Kiingereza. Mengi ya maneno hayo hurudi kwenye maswali matatu: karatasi ichapwe upande mmoja au pande mbili, maandishi yatoke kwa ukubwa gani, na karatasi ichukuliwe kutoka wapi.

Kuchapa pande mbili huandikwa Print on both sides, Two-sided au Duplex. Baada ya hapo mtumiaji huchagua kati ya Flip on long edge, yaani kugeuza kwa ukingo mrefu wa karatasi, na Flip on short edge, yaani kugeuza kwa ukingo mfupi. Jibu hutegemea mahali kurasa zitakapobanwa. Ripoti ya kurasa za wima inayobanwa pini kushoto hufunuliwa kama kitabu, hivyo huhitaji Flip on long edge. Kurasa hizo zikibanwa juu, kama kalenda ya ukutani, chaguo ni Flip on short edge. Jedwali pana lililochapwa kwa kulaza karatasi hugeuza mambo: kushoto kwake ndiko kwenye ukingo mfupi, kwa hiyo likibanwa kushoto huchukua Flip on short edge. Kosa hujionyesha mara karatasi inapofunuliwa, kwa kuwa maandishi ya nyuma huwa juu chini. Ni vyema kujaribu kurasa mbili kabla ya kuchapa kitabu kizima.

Printa isiyoweza kugeuza karatasi yenyewe hutumiwa kwa Manually Print on Both Sides, chaguo lililomo katika Word. Printa huchapa upande wa kwanza, kisha husubiri mtu arudishe karatasi hizo kwenye trei ili ichape upande wa pili.

Swali la ukubwa lina hatari zaidi, kwa sababu kosa lake halionekani kwa macho. Karatasi ya Afrika Mashariki ni A4, yenye upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Marekani hutumia Letter, yenye upana wa milimita 216 na urefu wa milimita 279. Fundi cherehani anayechapa patani ya gauni kutoka Marekani hukutana na tofauti hiyo. Akiacha Fit, ukurasa hupunguzwa ili uenee kwenye A4, na hushuka hadi karibu asilimia 97 au chini yake. Mraba wa majaribio wa sentimita 10 hupimwa kwa rula ukawa na sentimita 9.7, na kifua cha sentimita 100 kikatoka na 97. Gauni litabana, ingawa mistari yote ilionekana sawa. Shrink oversized pages nayo haimsaidii, maana hupunguza kila ukurasa unaozidi karatasi, na Letter inaizidi A4 kwa upana. Dawa ni Actual size, inayochapa kwa vipimo halisi. Pembeni hukatika milimita chache tu, ambazo kwa kawaida ni nafasi tupu. Kwa barua au mtihani, ambako vipimo havina uzito, Fit inafaa kabisa.

Mahali pa kuchukua karatasi huitwa Paper source. Auto Select huiachia printa ichague, Tray 1 na Tray 2 ni trei zake, na Manual Feed humaanisha kila karatasi itawekwa kwa mkono. Printa iliyoachwa kwenye Manual Feed husimama ikisubiri, na wengi hudhani imeharibika. Ikionyesha Load Letter ilhali trei imejaa, inadai karatasi ya Kimarekani kwa sababu faili imeandikwa hivyo. Suluhisho ni kubadili Paper size kuwa A4 kwenye dirisha la kompyuta, kisha kuchapa upya.

Skana nayo huuliza Source. Flatbed ni kioo, panapolazwa kitabu, kitambulisho au karatasi iliyochakaa. Feeder ni mdomo wa juu unaovuta rundo la karatasi moja baada ya nyingine. Feeder haifai kwa karatasi yenye pini au iliyochanika, kwani hukwama. Hapa pia ukubwa huleta hasara: skana iliyowekwa Letter ikisoma mkataba wa A4 huacha milimita 18 za urefu, na mara nyingi huko chini ndiko kwenye sahihi na mhuri. Kabla ya kutuma nakala, inafaa kuhakikisha mstari wa mwisho wa karatasi umeingia wote.