Kano ya kisigino haichuliwi

Swali ni lilelile tena: "Daktari, nilimeza sipro kwa ajili ya mkojo mchafu, sasa kisigino kinauma kwa nyuma. Nichue na mafuta gani?" Hakuna mafuta. Usichue kabisa, na kama dozi haijaisha, usimeze kidonge kingine kabla ya kuzungumza na aliyekuandikia, leo hiihii.

Siprofloksasini, levofloksasini, moksifloksasini, ofloksasini: dawa zote zenye mkia huo wa "floksasini" ni ukoo mmoja, na madhara yake kwenye kano yanajulikana. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kuhusu kano lichapishwe kwa uzito wa juu kabisa tangu mwaka 2008. Wanaopatwa si wengi, lakini anayepatwa anaweza kukaa miezi bila kutembea sawasawa.

Imani inayonichosha ni kwamba maumivu haya ni msuli uliokaza, au baridi, au gauti, kwa hiyo yanatibiwa kwa kuchuliwa na kwa ile pakiti ya duka la dawa yenye diklofenaki na deksamethasoni. Kano si msuli. Ni kamba ya kolajeni inayoufunga msuli kwenye mfupa. Ina chembe hai chache na damu kidogo, ndiyo maana hujijenga polepole. Dawa hizi huzidhuru chembe hizo na kuongeza vimeng'enya vinavyokata kolajeni. Kamba inadhoofika kutoka ndani. Ukiikandamiza, ukiivuta na kuinyoosha, unaongeza mzigo pale pale inapolegea.

Pakiti ile ni mbaya kuliko mafuta. Deksamethasoni na prednisoloni ni steroidi, na steroidi pamoja na floksasini ndio mchanganyiko unaozidisha sana hatari ya kano kukatika. Diklofenaki nayo inanyamazisha maumivu, mgonjwa anajiona amepona, anapanda ngazi.

Mfikirie mzee wa miaka 66 mwenye pumu, anayemeza prednisoloni kila kifua kinapobana. Anakohoa, anauziwa levofloksasini bila kuulizwa umri wala dawa nyingine. Siku ya nne anahisi maumivu nyuma ya mguu, vidole viwili vitatu juu ya kisigino. Asubuhi ni makali zaidi, na pamevimba kidogo. Anachuliwa kwa siku mbili. Siku ya saba, akishuka kwenye daladala, anasikia mlio na kuhisi kama amepigwa teke kwa nyuma. Anageuka, hakuna mtu. Kwa kuwa bado anaweza kutembea kwa kuchechemea na kuchezesha vidole, nyumbani wanasema ameteguka tu. Kumbe kipimo ni rahisi: alale kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, kisha mtu ambinye shavu la mguu. Mguu mzima husukuma unyayo chini. Usiposogea, kano imekatika, na hilo ni la hospitali siku hiyohiyo.

Wala usiniambie dozi iliisha mwezi uliopita kwa hiyo si dawa. Maumivu yanaweza kuanza ndani ya saa 48 za kidonge cha kwanza, na yanaweza kuanza miezi kadhaa baada ya cha mwisho.

Wa kuziepuka ikiwa dawa nyingine ipo: aliyepita miaka 60, anayetumia steroidi, mwenye figo dhaifu, aliyepandikizwa figo, moyo au pafu. Aliyewahi kuumizwa na dawa yoyote ya ukoo huu asirudiwe nayo. Nje ya kano, aongezwe mwenye uvimbe wa mshipa mkuu wa damu, mwenye maradhi ya kulegea misuli yaitwayo miasthenia, mwenye kifafa, na mwenye kisukari anayemeza glibenklamidi, kwani sukari yake inaweza kushuka ghafla.

Badala yake? Mkojo unaowasha bila homa kwa mwanamke asiye na ugonjwa wa figo: nitrofurantoini. Homa ya matumbo iliyothibitishwa: azithromaisini, au seftriaksoni ya sindano. Kikohozi cha mkamba mara nyingi hakihitaji antibayotiki yoyote. Kisigino kikishaanza kuuma: pumzisha mguu, usikimbie, usifanye mazoezi ya kunyoosha, tumia magongo ukiweza, omba kipimo cha altrasaundi. Kano iliyokatika hufungwa plasta unyayo ukielekea chini, au hupasuliwa na kushonwa.

Mgonjwa wa kifua kikuu sugu yuko mbali na haya yote ya mkojo na kikohozi. Kwake levofloksasini au moksifloksasini ni nguzo ya tiba, hivyo asiache mwenyewe. Kisigino kikiuma, aende kliniki yake ya kifua kikuu kesho asubuhi akaseme, wao ndio wataamua kubadilisha dawa au kuendelea.