Barua pepe ya kukabidhi majedwali: ukaguzi na seli zenye shaka

Anayeajiriwa kwa kazi moja moja kuhamisha majedwali ya karatasi kwenda kwenye kompyuta hakabidhi faili peke yake. Pamoja nalo hutuma barua pepe inayomweleza mteja namba zilikaguliwaje, na zipi bado zina shaka. Barua hiyo haihitaji kuwa ndefu. Inachotakiwa ni kumwezesha mteja kujua aziamini namba zipi, na zipi azitazame mwenyewe.

Tuchukue mfano wa daftari la mvua la kituo kimoja katika ukanda mkavu wa kati wa Tanzania, kuanzia 1961 hadi 1980. Mteja ametuma picha za kurasa zake. Kila mwaka una mstari wake, miezi inashika safu B hadi M, na safu N ina jumla ya mwaka kama ilivyoandikwa daftarini. Mstari wa 22 una jumla ya kila mwezi kwa miaka yote 20.

Jumla hizo za zamani ndizo silaha ya kwanza ya ukaguzi. Mchapaji huzinakili kama zilivyo, kisha huiachia kompyuta ijumlishe upya na kuonyesha tofauti. Kwa mwaka 1964, ulio kwenye mstari wa 5, fomula ni hii:

```
=ROUND(SUM(B5:M5)-N5,1)
```

Jibu likiwa 0, mstari umekubaliana na daftari. Tuseme limetoka 54, na safu ya Januari nayo imezidi kwa 54. Mstari na safu hiyo vinakutana kwenye seli B5, hivyo kosa linatafutwa hapo kwanza. Namba 54 inagawanyika kwa 9 bila baki, nayo ni dalili ya tarakimu mbili jirani zilizobadilishana nafasi. Picha ikitazamwa tena, inaonekana daftari lina 139.2, ilhali iliyochapwa ni 193.2. Kosa la namna hii husahihishwa papo hapo wala halipelekwi kwa mteja kama shaka, kwa sababu daftari linasomeka wazi.

Silaha ya pili ni kuchapa mara mbili. Jedwali lote huchapwa upya kwenye karatasi nyingine ya faili lile lile, bila kuchungulia nakala ya kwanza, kisha seli hulinganishwa moja moja. Njia hii hunasa kidole kilichoteleza, na hata makosa mawili yaliyofutana ndani ya jumla. Haimwokoi mtu aliyeisoma 1 iliyofifia kuwa 7 mara zote mbili. Ndiyo maana barua hutaja njia zote mbili, na kusema kama mchapaji wa mara ya pili alikuwa yule yule au mwingine.

Baada ya hapo hufuata orodha ya seli zenye shaka. Kila moja hutajwa kwa anwani yake, kinachoonekana kwenye picha, kilichochapwa na sababu yake. Kwa daftari hili, barua ingesomeka hivi:

> Habari za kazi. Nimeambatisha faili la mvua, 1961 hadi 1980. Nimechapa mara mbili mwenyewe, nikalinganisha nakala zote mbili, na nimekagua jumla za miaka na za miezi. Naomba uangalie seli tatu, nilizozipaka rangi ya njano:
>
> D9 (Machi 1968): wino umevuja, inasomeka 71.3 au 77.3. Nimeweka 71.3 kwa kuwa ndiyo inayokubaliana na jumla ya mwaka na ya mwezi.
>
> N14 (jumla ya 1973): imepungua 10 kuliko jumla ya miezi yake. Tarakimu zote zinasomeka, na jumla za miezi zinakubaliana. Nimeiacha kama ilivyo daftarini.
>
> H12 (Julai 1971): hakuna kilichoandikwa. Nimeiacha wazi.

Shaka hizi tatu hazilingani. Ya D9 ina ushahidi wa pande mbili, na mteja anaweza kuikubali haraka. Ya N14 inaelekea kuwa kosa la mwandishi wa daftari aliyejumlisha vibaya. Mchapaji hairekebishi kimyakimya, kwa kuwa aliajiriwa kunakili. Uamuzi wa kusahihisha ni wa mwenye data.

Ya H12 ndiyo ngumu kuliko zote. Julai ni kiangazi katika ukanda huo, na kishawishi cha kuandika 0 ni kikubwa. Lakini 0 maana yake kipimo kilisomwa na mvua haikunyesha, ilhali pengo laweza kumaanisha kuwa siku hizo hakuna aliyepima. Jumla haiwezi kuamua, kwani pengo na sifuri hutoa hesabu ile ile, ila wastani wa Julai hubadilika kadiri mwaka huo unavyohesabiwa au kuachwa. Jibu litapatikana kwa mteja, hasa akiwa na kumbukumbu za kila siku za kituo hicho.

Majibu ya mteja yakirudi, mchapaji hurekebisha seli zilizotajwa tu, huendesha tena ukaguzi wa jumla, na hutuma faili lenye jina jipya ili lisichanganywe na la kwanza.