Mafuta ya Mgando Hayaozi, Ila Kidole Kikiyaletea Maji

Je, wajua kwamba mafuta ya mgando yaliyotengenezwa kwa nazi na nta tupu hayahitaji kihifadhi, lakini yanaweza kuota ukungu ukiyachota mara kwa mara kwa vidole vilivyolowa?

Kibaha na Kisarawe, wilaya za mkoa wa Pwani, ni nchi ya minazi na mizinga ya nyuki, kwa hiyo malighafi zote mbili zipo karibu. Kwa gramu 100, chukua gramu 80 za mafuta ya nazi na gramu 20 za nta, yeyusha ndani ya sufuria iliyokalishwa juu ya maji ya moto, kisha mimina koponi. Peke yake mafuta ya nazi huyeyuka yakifika nyuzi 24 au 25 za Selsiasi, ndiyo maana kwa joto la Pwani hukaa kama maji. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65, nayo ndiyo inayoyashika yagande.

Bakteria na ukungu hawali mafuta makavu wakazaliana, kwa sababu wanataka maji huru. Wataalamu hupima maji hayo kwa kipimo cha 0 hadi 1, ambapo maji safi ni 1. Bakteria wengi hukwama chini ya 0.9, na hata Stafilokokasi aureasi, bakteria mvumilivu wa ngozi, hukwama karibu na 0.86. Chini ya 0.6 hakuna kinachokua. Mafuta yasiyo na maji yako salama upande huo. Vihifadhi vya losheni navyo hufanya kazi ndani ya maji, kwa hiyo kuvimwaga kwenye mafuta matupu ni kuviweka mahali pasipo na kazi.

Swali basi ni maji yatapita wapi. Mlango wa kwanza ni jikoni. Mafuta ya kupika kwa tui huwa na maji mpaka yachemke vya kutosha: mapovu yakome, mashapo yawe ya kahawia. Tone moja kwenye kikaango chenye moto likirukaruka na kupasuka, maji bado yamo. Nta nayo husafishwa kwa kuchemshwa ndani ya maji, hivyo upande wa chini wa donge hubaki na uchafu na unyevu. Ukwangue, kisha acha donge likauke kabla ya kulitumia. Na usifunike kopo likiwa la moto, kwani mvuke hugeuka matone chini ya kifuniko na kudondokea mafuta.

Mlango wa pili ni kidole. Tuseme mtu ametoka kuoga, akachota kwenye kopo la gramu 30 na kuacha tone moja, yaani karibu gramu 0.05. Ukigawa kwa kopo zima, hiyo haifiki hata asilimia 0.2. Lakini maji hayachanganyiki na mafuta. Tone hubaki pale pale lilipoangukia, likiwa na seli za ngozi na jasho, na ndani yake kipimo kiko karibu na 1. Kwa bakteria wa maikromita moja, tone hilo ni bwawa lenye chakula. Ndiyo maana ukungu huanzia juu, pembeni mwa kopo, mahali kidole kinapokwangua.

Kidole kikavu nacho hakiko salama kabisa. Bakteria waliokwama ndani ya mafuta hawazaliani, ila wanaweza kukaa hai kwa muda mrefu na kuhamia kwenye ngozi ya anayefuata. Takriban watu watatu kati ya kumi hubeba Stafilokokasi aureasi puani bila kuumwa. Kopo linalochangiwa na mwenye vidonda na mtoto mchanga ni hatari hata likinukia vizuri. Kuyayeyusha mafuta upya hakuyasafishi, kwa sababu vijidudu vilivyomo kwenye mafuta makavu huvumilia joto kuliko vilivyo majini.

Usichanganye kuoza na kuchacha. Harufu kali, kama ya njugu za zamani, ni hewa iliyoyaharibu mafuta. Vitamini E huchelewesha hilo, lakini haiui bakteria. Madoa ya kijani au meusi, au harufu ya uvundo, ni vijidudu. Kopo hilo litupwe lote. Kukwangua juu hakutoshi.

Kwa hiyo chota kwa kijiko kidogo kikavu, au weka mafuta kwenye chupa ya kubinya au kijiti cha kupakia. Makopo yawe madogo, kila mtu lake. Lakini kanuni ya kuacha kihifadhi ina mipaka: skrabu ya sukari na mafuta, ingawa haina maji inapotengenezwa, hutumika bafuni kwa mikono yenye maji, hivyo inahitaji kihifadhi. Vivyo hivyo ukitia maji ya mshubiri kwenye mafuta yako ya mgando: hapo umeshayatoa kwenye kundi la vitu vikavu.