Taarifa ya diwani kuhusu barabara za kata

Nchini Tanzania, barabara za wilaya, za vijijini na mijini, husimamiwa na TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Kwa hiyo taarifa ya diwani hutaja kwanza msimamizi wa barabara, ili mwananchi ajue pa kupeleka hoja yake.

Kazi iliyokamilika huelezwa kwa mambo yanayoweza kukaguliwa. Kuandika kwamba “barabara imetengenezwa” hakutoshi. Sentensi iliyo kamili husema, kwa mfano: “Barabara ya kutoka sokoni hadi zahanati, kilomita 1.2, imewekwa changarawe ya unene wa sentimita 15. Makalavati mawili yamejengwa na mitaro imechimbwa pande zote.” Msomaji anaweza kwenda kuhesabu makalavati. Mvua ikinyesha na maji yakatuama katikati ya barabara, ajue mwinuko wa kati haukutosha au mitaro imeziba. Kasoro hiyo huripotiwa mapema, kabla muda wa uangalizi wa mkandarasi haujaisha.

Miradi ijayo hutenganishwa kwa hatua: iliyopendekezwa, iliyotengewa bajeti, na iliyosainiwa mkataba. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mradi uliomo kwenye bajeti unaweza kusubiri fedha zitolewe. Ndiyo maana tarehe ya kuanza hutajwa pale tu mkataba unapokuwa umesainiwa.