Kichwa kwenye kava ya video kinapotea kwenye simu? Shida ni ukingo, kivuli na rangi

Umepiga video kali ya maporomoko ya Rusumo, Ngara. Umechagua picha nzuri ya kava, umeandika kichwa kwa herufi nyeupe, na ulipokuwa unatengeneza kila kitu kilisomeka vizuri. Umepandisha YouTube, ukaifungua kwenye orodha ya video na unaona moshi wa maji tu. Maandishi hayapo!

Hayajafutika. Yamezama kwenye picha. Na mtu anayepitisha kidole haraka hasimami kukisia umeandika nini, anaenda video inayofuata.

Habari njema ni kwamba si lazima upige picha upya. Kinachotakiwa kubadilika ni vitu vitatu: rangi ya herufi, ukingo unaozizunguka, na kivuli chake.

Kwanza elewa: kava yako inapungua mara 4

Kava ya YouTube hutengenezwa kwa kipimo cha pikseli 1280 kwa 720. Lakini simu nyingi za bei nafuu zina skrini yenye upana wa pikseli 720 tu. Kwenye orodha ya video, kava ikichukua karibu nusu ya upana huo, inabaki na pikseli kama 320. Hiyo ni robo ya kipimo ulichotengenezea.

Kwa hiyo kila unachoweka, kigawanye kwa 4. Herufi yenye urefu wa pikseli 80 inakuwa 20, yaani chini kidogo ya milimita 2 kwenye kioo. Ukingo wa pikseli 4, ambao ulionekana safi wakati unatengeneza, unabaki pikseli 1. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Jicho haliuoni, hasa mtu akiwa juani au akiwa amepunguza mwanga wa simu ili chaji isiishe.

Ndiyo maana kava inaweza kukudanganya. Wewe uliitazama ikiwa imejaa skrini nzima, mtazamaji anaiona ikiwa na upana wa kama sentimita 3.

Kwa nini picha ya Rusumo ni mtihani

Maporomoko ya Rusumo yako kwenye mto Kagera, mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Maji yake mara nyingi ni ya kahawia kwa sababu ya udongo, yanapoanguka yanatoa povu na mvuke mweupe, na pembeni kuna majani ya kijani na miamba myeusi. Yaani kwenye picha moja una sehemu nyeupe kabisa, sehemu nyeusi na sehemu za katikati.

Sasa andika MAPOROMOKO kwa rangi nyeupe kukatiza picha hiyo. Herufi zilizoangukia kwenye mwamba zinasomeka. Zilizoangukia kwenye mvuke zinapotea. Ukibadilisha ziwe nyeusi, tatizo linageuka tu: za kwenye mvuke zinasomeka, za kwenye mwamba zinapotea.

Hakuna rangi moja itakayoshinda picha ya namna hiyo. Inatakiwa jozi: herufi ya rangi angavu na ukingo wa rangi ya giza. Sehemu yenye giza, herufi yenyewe inaonekana. Sehemu nyeupe, ukingo ndio unaochora umbo la herufi. Vyovyote picha itakavyokuwa, kimoja kati ya hivyo viwili kinafanya kazi.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanachagua ukingo unaopendeza na picha, wakati ukingo unatakiwa upingane na herufi. Herufi nyekundu yenye ukingo mweusi, kwa mfano, ikiwekwa juu ya mwamba inageuka doa moja la giza.

Hatua 1: Weka ukingo wa kutosha

Kwenye programu kama PixelLab au CapCut, gusa maandishi yako kisha tafuta `Stroke`. Hapo ndipo unapochagua rangi na unene wa ukingo.

Kanuni rahisi: unene uwe karibu sehemu moja ya kumi ya urefu wa herufi. Kama MAPOROMOKO ina herufi za pikseli 140, weka ukingo wa pikseli 14 hadi 16. Ukigawanya kwa 4, mtazamaji anabaki na pikseli 4 hivi. Huo unaonekana.

Namba za programu tofauti hazilingani, 10 ya programu moja si 10 ya nyingine. Kwa hiyo usikariri namba. Linganisha kwa macho: ukingo uwe mwembamba kuliko mguu wa herufi, lakini uonekane hata ukiirudisha picha nyuma ikawa ndogo.

Ukizidisha nako ni tatizo. Neno MAPOROMOKO lina O nne, pamoja na A, P na R, na zote zina tundu katikati. Ukingo ukiwa mnene mno matundu yanaziba na herufi zinagusana. Ukiona hivyo, usikimbilie kupunguza ukingo. Kwanza ongeza nafasi kati ya herufi, kisha tumia mwandiko mnene usio na mapambo.

Kuna programu pia zinazochora ukingo nusu nje na nusu ndani ya herufi. Utajua kwa sababu herufi inakonda kila unapoongeza ukingo. Dawa yake ni kunakili maandishi. Nakala ya chini iwe na ukingo, ya juu isiwe nao, kisha zilale sawasawa. Herufi ya juu itarudi kwenye unene wake.

Hatua 2: Kivuli kisaidie, kisibebe kazi yote

Wengi wanaweka `Shadow` na kuacha ukingo. Kivuli cha kawaida kinaangukia upande mmoja, mara nyingi kulia na chini. Maana yake upande wa kushoto na juu wa herufi unabaki wazi. Kwenye mvuke wa Rusumo, M inabaki na nusu tu ya umbo lake.

Kazi ya kivuli ni nyingine. Kinapunguza fujo iliyo nyuma ya maandishi, kama majani mengi au umati wa watu sokoni. Hivyo weka ukingo kwanza, kisha kivuli cheusi chenye ukungu kiasi. Kisogeze kidogo sana, au usikisogeze kabisa ili kisambae pande zote za neno. Kisiwe cheusi kabisa, kipunguze kidogo ili picha ionekane kwa mbali.

Kivuli kilichosogezwa mbali ni hatari. Kikipunguzwa mara 4 kinaonekana kama herufi ya pili, na neno linakuwa kama limeandikwa mara mbili.

Hatua 3: Rangi zipimwe kwa mwanga wake, si kwa jina

Hapa tuhamie Biharamulo. Fikiria video ya bei ya mahindi sokoni, na picha ya kava ni shamba la kijani kando ya barabara ya vumbi jekundu. Mtengenezaji anaandika BEI YA MAHINDI kwa rangi nyekundu juu ya kijani. Nyekundu na kijani ni rangi tofauti kabisa, sasa kwa nini haisomeki?

Kwa sababu jicho husoma herufi ndogo kwa kutofautisha mwanga na giza zaidi kuliko rangi. Tofauti hiyo hupimwa kwa uwiano unaoanzia 1 hadi 21. Maandishi meusi juu ya nyeupe ni 21. Miongozo ya kimataifa ya maandishi ya mtandaoni inataka angalau 3 kwa herufi kubwa. Nyekundu safi juu ya kijani cha wastani haifiki hata 1.5. Njano juu ya nyeusi inapita 19.

Picha za JPG nazo kwa kawaida huhifadhi rangi kwa umakini mdogo kuliko mwanga, ili faili liwe jepesi na bando lisiliwe. Ndiyo maana herufi nyekundu kwenye kava ndogo huwa na kingo zilizochakaa. Na kuna watazamaji ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani.

Jozi mbili zinatosha kwa kava nyingi: nyeupe yenye ukingo mweusi, na njano yenye ukingo mweusi. Ukiipenda sana nyekundu, itumie kama kibao nyuma ya maandishi meupe, na kibao hicho ukizungushie mstari mweupe ili kisimezwe na vumbi.

Kwenye video ya bei, hili si suala la urembo. Namba 3, 6, 8 na 9 zinafanana sana zikiwa na ukungu. Kama umeandika 830 na matundu yameziba, kuna mkulima atakayesoma 880, na asipofungua video anaondoka na bei isiyo sahihi. Namba zipe nafasi zaidi kuliko maneno, na ukingo wake upunguze kidogo.

Jaribu kabla ya kupandisha

Piga skrinshoti ya orodha ya video kwenye YouTube. Fungua skrinshoti hiyo kwenye programu yako ya kuhariri, kisha weka kava yako juu ya kava mojawapo, kwa ukubwa uleule. Nyoosha mkono, punguza mwanga wa simu, uitazame kwa sekunde moja. Hukusoma? Rudi kwenye ukingo.

Jaribio la pili: igeuze kava iwe nyeusi na nyeupe. Kichwa kikipotea, ulikuwa unategemea rangi tu. Chagua jozi nyingine.

Angalia pia kona ya chini kulia. YouTube huweka muda wa video pale, na herufi zitakazokuwa hapo zitafunikwa hata ziwe na ukingo wa namna gani.

Kama video imeshapanda

Huhitaji kuifuta. Hifadhi kava mpya ikiwa JPG au PNG isiyozidi MB 2. Fungua programu ya YouTube Studio, chagua video, gusa alama ya kalamu, kisha gusa picha ya kava na uweke mpya. Akaunti lazima iwe imethibitishwa kwa namba ya simu, la sivyo hutaruhusiwa kuweka kava yako mwenyewe.

Kava ya zamani inaweza kuendelea kuonekana kwa muda kwenye baadhi ya simu. Usibadilishe tena kwa haraka, subiri ienee.

Na kama baada ya yote MAPOROMOKO YA RUSUMO bado inabanana, punguza maneno. Jina kamili la video linaonekana kwenye orodha karibu na kava, hivyo kwenye picha andika RUSUMO peke yake. Herufi 6 badala ya 18 zinakupa nafasi ya kuzikuza, na ukingo wake unakuwa mnene bila kuziba tundu lolote.