Kabla Hujamtania Ukumbini, Waulize Wanaomjua

Tarehe 5 Mei 2024, nyota mstaafu wa kandanda ya Kimarekani, Tom Brady, aliketi jukwaani katika ukumbi wa Kia Forum, karibu na Los Angeles, akataniwa kwa takriban saa tatu huku Netflix ikirusha moja kwa moja. Alikuwa amekubali mwenyewe. Lakini utani haukuishia kwake: wachekeshaji waliirudia tena na tena talaka yake na mwanamitindo Gisele Bündchen. Siku chache baadaye Brady alisema hadharani kwamba utani uliomhusu yeye aliufurahia, ila hakupenda jinsi ulivyowagusa watoto wake, na kwamba asingekubali tena jambo kama lile.

Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo. Anayetaniwa huombwa idhini, lakini watu waliomo ndani ya visa vyake hawaombwi.

Hafla za kumweka mtu kitini na kumtania kwa heshima yake zilipewa sura na klabu ya wasanii ya Friars ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1904. Sisi utani tunaujua kwa njia nyingine. Mngoni na Mhehe hutaniana kwa sababu ya vita vya babu zao, mjukuu humtania bibi, na mtani huingia hata msibani akatamka ambayo mwingine asingethubutu. Mtani wa namna hiyo amekua ndani ya mipaka yake, hana haja ya kufundishwa. Mshereheshaji anayekodiwa leo kwa sherehe ya kutimiza miaka 50, au ya kumuaga mfanyakazi anayestaafu, hana urithi huo. Mara nyingi hamjui hata mwenye sherehe. Visa itabidi avipate kwa kuuliza, na mipaka ataijua kwa kuuliza vilevile.

Nani aulizwe, na vipi

Watu sita hadi wanane wanatosha, mradi wasitoke upande mmoja. Anahitajika mtu wa nyumbani, mtu aliyekua naye, mtu wa kazini na mtu wa mtaani, kanisani, msikitini au kwenye kikundi cha kuweka akiba. Kila upande unamjua mtu yuleyule kwa sura tofauti, na kisa kinachosikika kitamu upande mmoja huenda kina uchungu upande wa pili.

Waulizwe mmoja mmoja, dakika 20 hadi 30 kila mmoja, kuanzia wiki tatu kabla ya sherehe. Ukiwakusanya pamoja, mwenye mdomo mwepesi atatawala mazungumzo, na hakuna atakayekwambia "hilo liache" mbele ya wenzake. Aliye mbali apigiwe simu, lakini mke au mume ni vizuri umfuate alipo, kwa sababu uso wake utakujibu kabla ya mdomo.

Usianze na "niambie kitu cha kuchekesha kumhusu." Utajibiwa kwamba mzee ni mcheshi sana, na hapo mazungumzo yatakwama. Uliza mambo yanayoshikika. Akikasirika, husema neno gani? Ukisafiri naye, atafanya nini kabla gari halijaondoka? Ni kitu gani kimechakaa lakini hataki kitupwe? Ni jambo gani anajidai fundi wakati halijui? Mtu akikwambia "ni mbahili," bado hujapata kitu. Muulize umejuaje, naye atakueleza kwamba bahasha za harusi mzee huzifungua kwa wembe ili azitumie tena. Hicho ndicho cha kuandika, kwa maneno yaleyale ya msimulizi.

Kila mazungumzo yafungwe kwa maswali mawili. La kwanza: ni jambo gani nisiliguse hata yeye mwenyewe akiniruhusu? Ukijibiwa, andika bila kuuliza sababu. La pili: kisa hiki kikisikika ukumbini, atajua ni wewe uliyenipa? Kama kisa anakijua mtu mmoja tu, ukikisimulia umemtaja msimulizi wako. Huenda yeye halijali hilo, lakini umuulize.

Mwalimu mkuu na visa vitano

Tuchukue mfano wa mwalimu mkuu anayestaafu akiwa na miaka 60. Mshereheshaji ameuliza watu saba na amerudi na visa vitano vinavyoonekana vyote kuwa vya kuchekesha.

Cha kwanza, mwalimu huamsha nyumba nzima saa kumi na moja alfajiri kwa filimbi ya shule, wageni wakiwemo. Mke amekisimulia, mtoto wa kwanza amekisimulia, na jirani ameongeza kwamba siku filimbi isipolia yeye huchelewa kazini. Watu watatu wamekisema, kila mmoja akicheka, na mwenye filimbi anajivunia. Kisa hiki kinapita.

Cha pili kimetoka kwa mwalimu mwenzake. Siku moja mwalimu mkuu aliacha gari lake sokoni, akarudi nyumbani kwa daladala kwa mazoea, na kesho yake akapiga kelele kwamba ameibiwa. Gari lilikutwa palepale sokoni. Kazini kisa hiki huchekwa kila mwaka. Lakini jirani, alipoulizwa, alinyamaza kidogo kisha akasema kwamba asubuhi ile kijana mmoja wa mtaani alishukiwa, akapigwa. Mama wa kijana yule amealikwa kwenye sherehe. Walimu hawakuwa wakificha lolote, wao walijua nusu ya kazini tu. Kisa kinatoka, na ndiyo maana kisa chochote chenye polisi, ajali, mwizi au fedha lazima kithibitishwe na mtu wa upande mwingine.

Cha tatu, mwalimu husinzia kwenye vikao, na walimu wana picha zake. Mke alipotajiwa hakucheka. Alieleza kwamba ni dawa anazotumia, na kwamba watoto hawajaambiwa ugonjwa wenyewe. Kisa kinatoka, picha zinatoka nazo, na mshereheshaji hamwambii mtu sababu.

Cha nne kimetoka kwa rafiki wa zamani. Kinahusu shamba walilonunua pamoja, na kinaishia kwa maneno "na mpaka leo hajaniomba radhi." Anayesimulia kwa upendo hucheka katikati na kurudi nyuma kuongeza jambo. Mwenye kinyongo husimulia kwa mpangilio, kama shahidi mahakamani, na hukuhimiza useme hasa sentensi ya mwisho. Huyo anataka kukutumia umsemee ugomvi wake. Mshukuru, funga daftari.

Cha tano kimetoka kwa binti. Barua ya posa ilipoletwa, mwalimu aliisoma, akachukua kalamu nyekundu, akasahihisha makosa ya sarufi, akaandika alama 14 juu ya 20 na kuirudisha kwa waliyoileta, pamoja na agizo la kuiandika upya. Kisa kina kila kitu: kalamu, rangi, alama. Lakini mwenye barua ni mkwe, na wazazi wake watakuwa ukumbini. Kwa hiyo anapigiwa simu. Anajibu kwamba barua anayo bado, na kila mwaka siku ya ndoa yao huitoa akawasomea wageni. Anaongeza jambo moja: aliyeiandika ni mjomba wake, si yeye, na mjomba bado linamuuma. Basi kisa kinapita bila mwandishi kutajwa. Jukwaani kitafungwa hivi: "Mwalimu, wafanyakazi wamekuandikia kadi ya kukuaga. Tafadhali, hii usiirudishe."

Visa viwili kati ya vitano vimepita. Kwa mtu anayefanya kazi hii kwa uangalifu, hicho ni kipimo cha kawaida, na ndiyo sababu ya kukusanya vingi kuliko unavyohitaji.

Chujio lenyewe

Katika mfano huo kila kisa kimepita kwenye maswali manne. Nani mwingine yumo, na ataumia? Je, mwenyewe hukisimulia, au husimuliwa akiwa hayupo? Ni tabia aliyojichagulia, kama filimbi, au ni jambo asilo na uwezo nalo, kama ugonjwa, ugumba au umbo la mwili? Na la mwisho, ni nani watakaokuwa wakisikiliza?

Swali hili la nne limewahi kuwaangusha hata wakongwe. Oktoba 1993, katika hafla ya klabu ileile ya Friars, mwigizaji Ted Danson alipanda jukwaani kumtania Whoopi Goldberg akiwa amejipaka uso rangi nyeusi. Goldberg alilijua jambo hilo mapema, na baadaye alimtetea. Wageni wengi walikasirika hata hivyo, na mtangazaji Montel Williams alitoka ukumbini. Ruhusa ya mtaniwa haikutosha kuwa ruhusa ya waliokaa mezani. Siku hizi ukumbi wenyewe hauna kuta, kwa kuwa kila meza ina simu inayorekodi, na kabla pilau halijapakuliwa kipande cha video kimeshafika kwenye kundi la wazazi wa shule. Kisa kipimwe kwa masikio ya hao pia.

Msomaji wa mwisho

Siku tatu kabla ya sherehe, matini yote isomwe kwa sauti mbele ya mtu mmoja anayempenda mwenye sherehe na asiyemwogopa mshereheshaji. Mara nyingi huwa dada mtu au rafiki wa utotoni. Mke au mume asiwe msomaji pekee, maana naye huenda ana visa anavyotamani visemwe. Msomaji akisema "hapo toa," toa bila kubishana. Ukianza kumweleza kwa nini kinachekesha, tayari kimeshindwa.

Hatari inayobaki ni ya jukwaani. Ukumbi ukishachangamka, mshereheshaji hukumbuka kile kisa cha gari na ulimi humwasha. Visa vilivyochujwa havipaswi kuwemo hata kwenye karatasi aliyoishika. Na afuatishe macho ya mwenye sherehe: anayefurahia hucheka kwanza kisha humtazama aliye jirani yake, na aliyeguswa pabaya humtazama mwenzi wake kwanza ndipo acheke. Akiliona hilo, ahamie kisa kingine papo hapo, asirudi nyuma kueleza.

Baada ya sherehe, daftari lichanwe na sauti zilizorekodiwa zifutwe. Wale watu saba walimwamini mshereheshaji kwa mengi kuliko yaliyosikika, na mengine hata mwenye sherehe hajui kwamba wanayajua. Enyi kamati za sherehe, mnapomtafuta mshereheshaji msimuulize tu bei yake na nguo atakayovaa. Muulizeni ataongea na nani kabla ya siku yenyewe. Akijibu kwamba hana haja ya kuongea na mtu, mpeni kazi ya kutangaza ratiba, na utani mwachieni shangazi.